Derivativu ya pili ikitoka sifuri: endelea hadi upate isiyo sifuri

Wanafunzi wengi wa kidato cha sita ninaowafundisha wanakijua vizuri kipimo cha derivativu ya pili: kwenye nukta tuli, ikiwa chanya pana bonde, ikiwa hasi pana kilele. Siku jibu linapotoka sifuri, kalamu inasimama. Wengine huandika haraka kwamba hapo ni nukta ya mgeuko. Hilo ni kosa, na linawapotezea maksi bure.

Chukua x⁴, −x⁴ na x³. Zote tatu zina nukta tuli kwenye x = 0, na zote tatu derivativu ya pili hapo ni sifuri. Ya kwanza ina bonde, ya pili ina kilele, ya tatu inatulia kidogo kisha inaendelea kupanda. Kwa hiyo sifuri haisemi chochote. Inakutaka uendelee kutafuta. Tufanye mfano huu mpaka mwisho:

```
f(x) = x^5 - 5x^4
```

Hatua ya 1: tafuta nukta tuli. Derivativu ya kwanza ni 5x⁴ − 20x³, yaani 5x³(x − 4). Inakuwa sifuri kwenye x = 0 na x = 4.

Hatua ya 2: jaribu derivativu ya pili. Ni 20x³ − 60x². Kwenye x = 4 unapata 1280 − 960 = 320. Ni chanya, basi hapo ni bonde, na kina chake ni f(4) = −256. Nukta hiyo imekwisha. Kwenye x = 0 unapata sifuri, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Hatua ya 3: endelea kutafuta derivativu, moja baada ya nyingine. Ya tatu ni 60x² − 120x. Ukiweka 0 unapata sifuri tena. Ya nne ni 120x − 120. Ukiweka 0 unapata −120. Simama hapo hapo.

Kuna jambo moja ninalolikuta kwenye madaftari kila mwaka. Mwanafunzi anaweka x = 0 kwenye derivativu ya pili, anapata 0, kisha anatafuta derivativu ya hiyo 0. Bila shaka atapata sifuri milele. Derivativu inatafutwa kwenye fanksheni nzima yenye x ndani yake. Thamani ya x unaiweka mwishoni, upya kila mara.

Hatua ya 4: soma jibu. Angalia kwanza ni derivativu ya ngapi iliyokataa kuwa sifuri. Ikiwa namba yake ni witiri, kama 3 au 5, hapo si kilele wala bonde; mchoro unapita kama ngazi. Ikiwa ni shufwa, angalia alama: chanya ni bonde, hasi ni kilele. Kwetu ni ya 4, ambayo ni shufwa, na −120 ni hasi. Basi x = 0 ni kilele.

Kwa nini inafanya kazi? Karibu na nukta tuli a, tofauti kati ya f(x) na f(a) inatawaliwa na kipande cha kwanza kisicho sifuri:

```
f(x) - f(a) ≈ f⁽ⁿ⁾(a)/n! · (x - a)ⁿ
```

Kwetu −120 gawanya kwa 24 ni −5, na kweli kipande hicho ni −5x⁴. Weka x = 0.1: −5x⁴ inakuwa −0.0005, wakati x⁵ ni 0.00001 tu, mara hamsini ndogo zaidi. Haina nguvu ya kubadili alama. Na kwa kuwa kipeo ni shufwa, kushoto na kulia alama inabaki ile ile: f(0.1) = −0.00049 na f(−0.1) = −0.00051, zote chini ya f(0) = 0. Colin Maclaurin wa Skotlandi alishaieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1742.

Kumbuka kwamba kilele hiki ni cha jirani tu. f(6) ni 1296, juu sana kuliko 0.

Kipimo hiki kina mahali kinaposhindwa kabisa. Chukua fanksheni inayopewa thamani 0 kwenye x = 0, na kwingine kote ni:

```
e^(-1/x^2)
```

Kwenye 0 derivativu zake zote ni sifuri, hata ukifika ya mia. Utahesabu hadi kesho. Hapo rudi kwenye alama za derivativu ya kwanza, ambayo ni 2/x³ mara fanksheni yenyewe: kushoto ni hasi, kulia ni chanya. Mchoro unashuka kisha unapanda, basi ni bonde.