Jinsi ya Kuomba na Kutangaza Siku ya Chanjo ya Mkoba Mtaani: Mwongozo kwa Mhudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, Moshi

Tangazo la chanjo lina mambo manne: siku, mahali, saa na walengwa. Mhudumu mgeni huyaandika yote kwa dakika tano, akalituma kwenye kundi la mtaa, kisha siku ikifika akashangaa kuona watoto waliokuja sio aliowakusudia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huduma ya mkoba, yaani ile ambayo mtoa chanjo anatoka kituoni na kasha lenye barafu akaja kukaa mtaani kwa saa chache, na unafuata utaratibu tunaoutumia katika mitaa ya Manispaa ya Moshi.

Hatua ya kwanza ni kupata orodha kabla ya kupata tarehe. Pitia daftari lako la kaya, nyumba kwa nyumba, ukiandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, chanjo ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi yake, na tarehe ya kurudi aliyopangiwa. Usiandike umri, kwa sababu umri unabadilika kila wiki na tarehe ya kuzaliwa haibadiliki. Mtoto anayelelewa na bibi kwa kuwa mama yake anashinda sokoni mwandike hapo hapo alipo bibi, na uulize kadi inakaa kwa nani, maana mara nyingi imo kwenye mkoba wa mama na siku ya chanjo itakuwa imeondoka naye asubuhi.

Ukiwa na orodha hiyo, nenda kwa mganga mfawidhi au mtoa chanjo wa kituo kinachohudumia mtaa wako, uombe siku. Usiombe kwa kusema kwamba watoto ni wengi. Sema idadi yao kwa kila chanjo. Tuseme umehesabu watoto 14 wanaohitaji chanjo ya surua na rubela. Chanjo hiyo huja kama unga ndani ya kichupa cha dozi 10, na huchanganywa na kimiminika chake maalumu pale pale inapotolewa. Ikishachanganywa, inatakiwa kutumika ndani ya saa 6 au hadi mwisho wa kikao, lipi litangulie, na kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo watoto 14 ni vichupa 2, na dozi 6 za kichupa cha pili zitamwagwa. Mtoa chanjo akilijua hili mapema, ataagiza vya kutosha. Asipolijua, ataleta kichupa kimoja, na watoto 4 wa mwisho wataambiwa warudi siku nyingine.

Hapa ndipo penye kiini cha tangazo zima, na ndipo ninapoona wenzangu wengi wanapapita haraka. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kichupa cha surua kifunguliwe hata kama aliyekuja ni mtoto mmoja. Hata hivyo mtoa chanjo ni binadamu anayeulizwa kuhusu dozi zilizopotea, na akimwona mtoto mmoja saa 3, mwingine saa 5 na mwingine saa 7, anashawishika kuwaambia akina mama wasubiri wengine wafike. Mama mwenye biashara hasubiri. Dawa ya tatizo hili iko mikononi mwa anayeandika tangazo, kwa kuwa anaweza kuwaita watoto wa surua wafike kwa wakati mmoja, ndani ya saa mbili za mwanzo. Chanjo nyingine nyingi za watoto wachanga zinazotoka kiwandani zikiwa tayari kimiminika hazina haraka ya namna hiyo, na watoto wake wanaweza kufika saa yoyote kabla ya kufunga.

Mkishakubaliana tarehe, peleka taarifa kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti, uombe mahali na uombe tangazo lipigwe muhuri. Muhuri huo unasaidia zaidi ya inavyodhaniwa, kwa sababu mzazi anayepokea ujumbe wa simu kutoka namba asiyoijua ana haki ya kujiuliza kama ni wa kweli. Mahali pawe na kivuli, meza, viti na maji ya kunawa, na pawe mahali ambapo jina lake halina pacha. Mwaka mmoja niliandika kwamba chanjo itatolewa "shuleni", na kata yetu ilikuwa na shule mbili za msingi. Wazazi kumi na zaidi walikaa kwenye uwanja wa shule nyingine hadi saa 5, na waliponipata walikuwa na maneno ambayo sitayaandika hapa. Tangu siku hiyo naandika jina la mahali, kitu kilicho jirani, na upande wa kuingilia.

Sasa walengwa. Kosa la kawaida ni kuandika "watoto wote wenye umri wa chini ya miaka mitano", sentensi ambayo humwita kila mtu na kwa hiyo haimwiti yeyote. Kosa la pili ni kuandika umri peke yake, kwani mama akiulizwa mtoto wake ana miezi mingapi hukadiria. Geuza umri kuwa tarehe. Tuchukue kikao cha Jumatano, 10 Juni 2026. Kwa ratiba ya Tanzania, mtoto huanza chanjo za mfululizo akiwa na wiki 6, akarudi wiki ya 10 na ya 14. Dozi ya kwanza ya surua na rubela ni miezi 9, na ya pili ni miezi 18. Ukihesabu kurudi nyuma siku 42 kutoka 10 Juni, unapata 29 Aprili 2026. Ukirudi miezi 9, ni 10 Septemba 2025. Ukirudi miezi 18, ni 10 Desemba 2024. Hizo ndizo tarehe tatu zinazoingia kwenye tangazo, kila moja ikitanguliwa na maneno "aliyezaliwa tarehe hii au kabla yake".

Ile ya miezi 18 iandike kwa mkazo, na uongeze maneno "mwaka mmoja na nusu", maana wazazi wengi huamini kwamba kliniki ya chanjo imekwisha mtoto anapochomwa ya miezi 9. Dozi ya kwanza ikitolewa katika umri huo huwapa kinga takribani watoto 85 kati ya 100. Waliobaki hawajulikani kwa kuwatazama, na dozi ya pili ndiyo inayowafikia.

Kuna mtoto mmoja ambaye tarehe hizi zitamdanganya, nawe inafaa umtafute kwenye daftari kabla hujatuma chochote. Ni yule aliyeanza kwa kuchelewa. Mtoto aliyezaliwa 20 Januari 2026, akaletwa kwa mara ya kwanza 15 Mei, ana zaidi ya wiki 20 siku ya kikao, na kwa umri wake anaonekana kustahili. Lakini kati ya dozi moja na inayofuata katika mfululizo ule lazima zipite wiki 4, yaani siku 28, na siku hizo zinatimia 12 Juni, Ijumaa. Akija Jumatano atarudishwa kwa kukosa siku 2, na mama aliyerudishwa mara moja si rahisi kumwona tena. Mpigie mama huyo, umwelekeze kituoni siku ya Ijumaa hiyo au baada yake. Kwa sababu hiyo tangazo liwe na sentensi inayosema kwamba tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi ndiyo inayotawala.

Tangazo kamili, likishapita kwa mtoa chanjo na kwa mtendaji, laweza kusomeka hivi:

"Wazazi na walezi wa mtaa wetu, mnatangaziwa kwamba siku ya Jumatano, 10 Juni 2026, kutakuwa na chanjo ya watoto katika Ofisi ya Serikali ya Mtaa, penye mwembe mkubwa, kwa kuingilia geti la upande wa barabara. Huduma itaanza saa 3:00 asubuhi, na mtoto wa mwisho atapokelewa saa 7:30 mchana. Wanaohitajika ni mtoto aliyezaliwa 29 Aprili 2026 au kabla yake ambaye hajaanza au hajamaliza chanjo za wiki 6, 10 na 14. Mtoto aliyezaliwa 10 Septemba 2025 au kabla yake ambaye hajapata dozi ya kwanza ya surua na rubela. Na mtoto aliyezaliwa 10 Desemba 2024 au kabla yake, yaani aliyetimiza mwaka mmoja na nusu, ambaye hajapata dozi ya pili. Watoto wa surua na rubela wafike kati ya saa 3:00 na saa 5:00. Ikiwa kadi ina tarehe ya kurudi iliyo baada ya 10 Juni, fuateni tarehe ya kadi. Njooni na kadi ya kliniki; aliyeipoteza aje pia, aeleze kituo alichoanzia. Mtoto mwenye mafua au kikohozi aletwe, mtoa chanjo atamwangalia. Huduma hii haina malipo."

Saa 7:30 imewekwa kwa hesabu. Kichupa cha kwanza kikifunguliwa saa 3:30, muda wake unaisha saa 9:30, na kila mtoto anatakiwa kukaa kidogo baada ya sindano ili aangaliwe, kwa hiyo kufunga mapokezi saa 7:30 kunaacha nafasi bila kumkimbiza mtu. Chanjo ya wasichana ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi usiichanganye humu. Ina walengwa wake wa miaka 9 hadi 14, nao hupatikana vizuri zaidi kupitia shule, kwa tangazo lao wenyewe.

Tuma ujumbe mara mbili: siku 5 kabla, ili anayeuza sokoni ajipange na amwachie bibi kadi, na jioni ya kuamkia siku yenyewe. Kundi la simu halitoshi. Mwombe mzee wa kanisa alisome baada ya ibada ya Jumapili, na mpe nakala imamu kwa ajili ya Ijumaa inayotangulia, kisha pita mwenyewe kwa wale ambao majina yao yako kwenye daftari na simu zao hazipokelewi. Kikao kikiahirishwa, taarifa ya kuahirisha ipite njia zote zile zile.

Jioni ya siku ya kikao, kaa na mtoa chanjo kabla hajafunga kasha, mlinganishe rejista yake na orodha yako. Kati ya wale 14, tuseme 11 wameonekana. Andika majina 3 yaliyobaki kwenye ukurasa mpya, kila moja na sababu yake ukiijua: amesafirishwa Rombo kwa babu yake, kadi ilikuwa kwa mama, au hakusikia tangazo. Huyo wa mwisho muulize pia anasali wapi na ananunua mboga kwa nani, ili tangazo lijalo lipitie huko.