Somo: Muundi na Nyayo Zinazouma kwa Mwenye Mwili Mkubwa Anayeanza Kutembea

Mtu wa kilo 100 na zaidi akianza kutembea kutoka mjini Lamu kwenda Shela, mara nyingi wiki mbili za mwanzo hupita salama. Wiki ya tatu muundi huanza kuuma upande wa ndani, naye hudhani amejikwaa au amelala vibaya. Chanzo kiko nyuma zaidi. Mfupa ukipewa mzigo mpya hujijenga upya, lakini huanza kwa kubomoa: chembe zake hula sehemu zilizochoka kwa wiki mbili tatu, kisha chembe nyingine hujaza polepole, kazi ya takribani miezi mitatu. Kwa hiyo wiki ya tatu na ya nne mfupa huwa dhaifu kidogo kuliko siku ya kwanza. Bahati mbaya, huo ndio wakati pumzi imeshazoea na mtu anaona anaweza kuongeza mwendo, au hata kuanza kukimbia.

Kukimbia si kutembea kwa haraka tu. Ukitembea, kila hatua hukandamiza mguu kwa uzito wako na kidogo juu yake. Ukikimbia, ni mara mbili hadi tatu. Kwa mwenye kilo 104, hiyo ni zaidi ya kilo 200 juu ya mguu mmoja, hatua baada ya hatua.

Hatua ya kwanza: jua ni maumivu gani

Kaa barazani, kunja goti, na upitishe kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, kutoka kifundoni kwenda juu, ukibonyeza kila upana wa kidole. Maumivu yakitanda urefu wa vidole vitatu vinne au zaidi, hasa nusu ya chini ya muundi, huo ndio muundi uliolemewa, na ratiba iliyo hapa chini itakufaa. Yakiwa mahali pamoja tu panapofunikwa na ncha ya kidole, yakakuuma hata usiku umelala, au huwezi kuruka kwa mguu huo mmoja, shuku ufa kwenye mfupa. Acha kutembea kwa mazoezi na uende hospitali. Ujue pia kwamba eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi haioneshi ufa, kwa hiyo picha safi haimaanishi urudi njiani.

Maumivu ya mbele, upande wa nje wa mfupa, ni jambo jingine. Huja dakika chache baada ya kuanza, kama moto kwenye musuli unaoinua vidole. Husababishwa na mwendo wa kasi wenye hatua ndefu. Fupisha hatua, punguza kasi, na kwa kawaida hutulia. Yasipotulia, au wayo ukianza kufa ganzi, simama na ukamwone daktari.

Hatua ya pili: viatu

Ndara ziache kwa safari za sokoni. Haina kitu cha kushika kisigino, kwa hiyo vidole hukunjana kila hatua ili isichopoke, na misuli ya muundi hufanya kazi ambayo kiatu kingefanya. Makubadhi nayo soli yake ni nyembamba na ngumu.

Raba za mitumba zinafaa ukizikagua. Kunja kiatu: kipinde penye vidole, si katikati ya wayo. Bonyeza soli kwa kidole gumba upande wa kisigino. Ikiwa ngumu kama ubao, povu limekufa hata kama juu kinang'aa. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, na kikiegemea upande mmoja kiache, kwani kitaulaza mguu wako vilevile. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ubakishe upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Mwili ukiwa mzito wayo hutanuka, kwa hiyo angalia upana kabla ya urefu.

Hatua ya tatu: njia

Mchanga mkavu huonekana laini, lakini kisigino huzama na shavu la mguu huvuta mara mbili. Mchanga mbichi wa maji yakipwa ni mgumu wa kutosha, ila ufuo una mteremko: mguu wa upande wa baharini hukaa chini na kulala nje, na ule wa upande wa nchi kavu hulala ndani. Ukienda na kurudi njia ileile, miguu hubadilishana. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, hubaki ukanda mwembamba wenye mteremko mkali zaidi. Siku hizo tembea mjini, kwenye njia ya mbele ya bahari.

Hatua ya nne: ratiba

Tumchukue mama wa kilo 104 ambaye hakuwa akitembea. Shela na kurudi ni kama kilomita 6, zaidi ya saa moja. Hiyo si siku yake ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo atembee dakika 15, siku moja ndiyo, moja siyo. Wiki ya tatu dakika 20, na wiki ya nne arudi 15 kwa makusudi, kwa sababu ya ule mfupa unaojaza. Ya tano 20, ya sita 25, ya saba 30, na ya nane apunguze tena hadi 20.

Kila asubuhi baada ya siku ya kutembea apime kwa kidole gumba. Muundi ukiwa haujauma zaidi ya kawaida, aendelee. Ukiuma zaidi, arudie dakika za wiki iliyopita. Asimeze dawa ya maumivu kabla ya kutoka, maana ataizima alama anayoihitaji.

Kukimbia kuje baada ya kutembea dakika 30 bila maumivu kwa wiki nne. Aanze na nusu dakika ya kukimbia na dakika mbili za kutembea, mara sita, kwa hatua fupi za haraka zinazotua chini ya mwili.

Siku asizotembea, ashike ukuta ainue visigino mara 10, kwa seti mbili, akishuka polepole. Kisha aegemeze mgongo ukutani, ainue vidole vya miguu mara 15.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Langoni: Mwalimu, kisigino changu huniuma hatua za kwanza nikitoka kitandani, kisha hupoa. Ni muundi pia?*

La, dada. Huo ni utando mgumu wa chini ya wayo, unaoshika kisigino na vidole. Usiku hukaza, asubuhi huvutwa ghafla. Kabla hujakanyaga chini, vuta vidole kuelekea muundi kwa sekunde 10, mara 10, na usikanyage sakafu bila kiatu. Jioni viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo dakika 5. Kama una kisukari au nyayo zina ganzi, barafu usitumie.

*Mwanachama wa Mkomani: Shavu langu moja limevimba, lina joto, na linauma hata nikikaa. Nipumzike?*

Kaka, usingoje kesho. Mguu mmoja ukivimba na kupata joto huenda ni damu iliyoganda. Usiukande. Nenda hospitali leo, na pumzi ikibana au kifua kikiuma, ni dharura.

*Mwanachama wa Shela: Nimepumzika wiki mbili, sina maumivu kabisa. Narudi kwenye dakika 30 zangu?*

Anza na 15. Wiki mbili zimeondoa uchungu, lakini mfupa bado unajaza, nao hauumi wakati unajaza. Ukipita wiki mbili kwenye 15 bila kidole gumba kugundua kitu, ongeza dakika 5.