Mambo ya kuzingatia kabla ya kurusha video yenye flashi za kamera

Video ya mtu maarufu akitoka mlangoni huku wapiga picha wakimmulika ni ya kawaida sana kwenye habari, na ni miongoni mwa zile zinazoweza kumdhuru mtazamaji mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Watu hao ni kama 3 katika kila 100 wenye kifafa, na wengi ni watoto na vijana. Baadhi yao hawajui kuwa wana hali hiyo mpaka siku wanapopatwa na degedege mbele ya skrini. Kwa sababu hiyo onyo la maandishi mwanzoni halitoshi: asiyejijua hawezi kuona kwamba linamhusu. Kazi yenyewe inabidi ifanyike kwenye picha.

Cha kwanza ni kujua unachohesabu. Mmweko mmoja ni mwanga kupanda na kushuka, yaani mabadiliko mawili yanayopingana. Miongozo ya WCAG ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka mimweko isizidi 3 ndani ya sekunde yoyote ile, au kama inazidi, iwe hafifu au midogo kiasi cha kutohesabiwa. Mmweko huhesabika pale tofauti ya mwangaza kati ya hali mbili inapofika asilimia 10 ya mwangaza wa juu kabisa, huku ile hali ya giza ikiwa chini ya asilimia 80. Eneo nalo huangaliwa, na kwenye miongozo ya televisheni kikomo ni robo ya skrini, lakini flashi ya mpiga picha humulika ukuta, mavazi na nyuso kwa pamoja, kwa hiyo usitegemee udogo wa eneo kukuokoa.

Maneno "sekunde yoyote ile" ndiyo yanayowaponyoka wahariri wengi. Chukua klipu ya fremu 25 kwa sekunde. Unapoipitia fremu moja moja, unakuta flashi kwenye fremu ya 203, 207, 210, 214, 219 na 224, kisha 229, 233 na 237. Unaondoa 207, 210 na 219, na sasa sekunde iliyoanzia fremu ya 200 hadi 224 imebaki na mimweko 3. Inayofuata, ya 225 hadi 249, nayo ina 3. Kwa saa, umemaliza. Lakini anza kuhesabu kwenye fremu ya 214: hadi ya 238 kuna mimweko 5. Jicho la mtazamaji halianzi upya kila saa inapogonga sekunde mpya. Kwa hiyo dirisha la fremu 25 lisogezwe fremu moja moja, na hapa 233 na 237 lazima ziondoke. Ni vizuri zaidi kubakiza 2 badala ya 3, hasa mimweko ikiendelea kwa zaidi ya sekunde 5, kwa kuwa mfululizo mrefu unaweza kuwa hatari hata pale kila sekunde imekaa ndani ya kikomo.

Kuondoa hapa si kufuta. Ukifuta fremu moja ya video hii, picha inatangulia sauti kwa milisekunde 40, na baada ya kufuta sita midomo na maneno havilingani tena. Nakili fremu iliyotangulia uiweke juu ya ile yenye flashi. Kama mtu anatembea kwa kasi na mruko unaonekana, changanya fremu ya kabla na ya baada, nusu kwa nusu. Angalia pia fremu ya jirani: kihisi cha kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, hivyo flashi moja inaweza kukatika ikaangaza nusu ya chini ya fremu moja na nusu ya juu ya ifuatayo. Ukirekebisha moja tu, ule mkanda uliobaki bado unazidi robo ya skrini.

Pale mmweko unapohitajika kubaki kwa ajili ya habari yenyewe, ushushe mwangaza wake. Hapa kuna mtego wa namba. Kipimo cha Waveform kwenye programu ya kuhariri huonyesha kiwango cha mawimbi ya video, na kiwango hicho hakilingani moja kwa moja na mwangaza unaotoka kwenye skrini: alama ya 50 ni kama asilimia 21 tu ya mwangaza. Tuseme eneo la ukuta liko kwenye 40, ambayo ni mwangaza wa 0.133 ukihesabu ule wa juu kabisa kuwa 1, na flashi inalipeleka hadi 90, karibu 0.79. Ili tofauti isifike 0.10, kilele kisifike 0.233, ambayo kwenye kipimo ni kama 52. Kiweke 50 au chini yake. Ukuta wenye alama ya 70 unakuruhusu kupanda chini ya alama 7 tu, ndiyo maana marekebisho yaleyale hayawezi kubandikwa kwenye klipu nzima.

Kupunguza kasi ya video ni njia nyingine: mimweko 6 kwa sekunde ikichezwa nusu kasi inakuwa 3. Hapo umefika kikomoni bila akiba yoyote, kwa hiyo ondoa au ushushe angalau mmoja.

Kwa klipu nyingi na muda mfupi, programu ya `ffmpeg` ina kichujio cha kazi hii:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf photosensitivity=frames=25:threshold=0.8 -c:a copy salama.mp4
```

Namba ya `frames` iwe sawa na fremu za sekunde moja, na `threshold` ikishuka chini ya 1 kichujio kinakuwa kikali zaidi. Kinapokuta mabadiliko makubwa mno, huchanganya fremu mpya na iliyotangulia. Athari yake utaiona kwenye mwendo wa kasi: mikono inaacha kivuli nyuma yake. Kitumie kama hatua ya kwanza, kisha hesabu tena kwa macho, kwani matokeo yake si cheti cha usalama.

Wekundu mkali una hukumu yake. Taa ya king'ora ikiwaka na kuzima nyuma ya mhusika inaweza kufaulu kipimo cha mwangaza na bado ikawa hatari. Nchini Japani, tarehe 16 Desemba 1997, mandhari ya kupokezana nyekundu na buluu katika kipindi cha katuni yaliwafikisha mamia ya watoto hospitalini. Pale nyekundu inapochukua asilimia 80 au zaidi ya jumla ya R, G na B, yaani nyekundu, kijani na buluu, punguza kwanza ukolezi wa rangi, ndipo ushughulikie mwangaza.

Wakati wote huu usiicheze klipu mbichi kwa kurudiarudia ikiwa imejaa skrini. Tumia dirisha dogo, taa ya chumba ikiwa imewashwa, na usimpe kazi hii mtu mwenye kifafa cha aina hii.

Mwisho, hesabu upya kwenye faili la kutoka, na si kwenye mradi. Kubadilisha fremu 25 kuwa 30 kunaweza kuigawa flashi kwenye fremu mbili, na klipu fupi ya kuvutia watazamaji huwa inakatwa kutoka kwenye video mbichi, halafu inajicheza yenyewe kabla mtu hajasoma onyo lolote. Ikatwe kutoka kwenye faili lililorekebishwa.