Kupunguza Viwakilishi vya Nafsi Visivyohitajika: Mwongozo wa Mhariri

Katika maandishi yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, na hata katika yale yaliyoandikwa moja kwa moja na mtu aliyezoea kusoma Kiingereza kutwa nzima, kasoro ninayoikuta mara kwa mara wakati wa kuhariri ni viwakilishi vya nafsi vilivyorundikwa mbele ya vitenzi: mimi nilikwenda, wewe unaweza, yeye alisema. Sarufi yake haina kosa, na ndiyo maana kasoro hii huwapita wahariri wanaotafuta makosa tu. Hata hivyo msomaji huhisi mara moja kwamba lugha hii si ya nyumbani.

Chanzo chake ni tofauti ya vitenzi. Kitenzi cha Kiingereza cha wakati uliopita kwa kawaida hakionyeshi nafsi, hivyo kiwakilishi kisipotajwa msomaji hajui ni nani aliyetenda. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi mwanzoni mwake: nilitembea, ulitembea, alitembea, tulitembea, mlitembea, walitembea. Kwa hiyo neno "mimi" likiwekwa mbele ya "nilitembea" halimtaji mtendaji, maana ameshatajwa, bali linamtia mkazo. Mkazo huo una maana, na maana hiyo yaweza kuwa nzito. Mtu akiandika katika maelezo yake "Sikuchukua fedha," amekana. Akiandika "Mimi sikuchukua fedha," amekana na papo hapo amedokeza kwamba yuko mwingine aliyezichukua. Mfasiri aliyeongeza "mimi" kwa mazoea tu amemfanya mwandishi amshuku mtu ambaye hakukusudia kumshuku.

Ili hatua zifuatazo zionekane zikifanya kazi, nimetunga fungu moja la aina ninayokutana nayo:

"Mimi nilipofika ofisini, mimi nilimkuta meneja na katibu wake. Yeye aliniambia kwamba yeye alikuwa amesoma ripoti yangu, lakini yeye hakuelewa sehemu ya mwisho. Mimi nilimwuliza kama yeye alitaka mimi nimweleze yeye. Yeye alisema kwamba yeye ana kikao na mimi nimwone katibu. Mimi ni mgeni katika kazi hii na mimi husita kuuliza maswali, lakini yeye alinisaidia kuandika upya sehemu hiyo."

Hatua ya kwanza: vitafute na uvitie alama

Fungua andiko katika kompyuta, bonyeza Ctrl+F, kisha tafuta moja baada ya jingine: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi (pamoja na ninyi) na wao. Kila unachokipata kitie rangi bila kukifuta. Neno "wao" lahitaji uangalifu, kwa sababu umbo hilohilo ni kimilikishi pia, kama katika "mtoto wao" au "mtaa wao," na hicho hakihusiki hapa. Fungu letu lina sentensi tano tu, lakini lina viwakilishi kumi na vitano. Idadi hiyo peke yake yatosha kuonyesha kwamba mwandishi amefuata mpangilio wa lugha nyingine.

Hatua ya pili: tazama neno linalofuata kiwakilishi

Hii ndiyo hatua yenye mambo mengi, na ndipo mhariri mwenye haraka anapoharibu sentensi zilizokuwa nzima. Swali la kujiuliza ni moja: je, neno linalofuata linabeba nafsi lenyewe? Likiwa linabeba, kama "nilipofika," "aliniambia" au "hakuelewa," kiwakilishi kinaweza kuondoka, na katika fungu letu vingi ni vya namna hiyo. Maumbo kama "nina," "ana," "niko" na "wamo" nayo yamo katika kundi hili, kwa kuwa yanaanza na kiambishi cha nafsi ingawa mengi ya maandishi ya tafsiri huyatendea kama hayana: "mimi nina swali," "sisi tuko tayari."

Yapo mahali pawili ambapo nafsi haimo. La kwanza ni "ni" pamoja na kinyume chake "si." Neno "ni" halibadiliki kwa nafsi: mimi ni mgeni, wewe ni mgeni, yeye ni mgeni. Ukifuta "mimi" ukaacha "Ni mgeni katika kazi hii," msomaji atadhani anasimuliwa habari za mtu mwingine. Kiswahili kinazo njia za kuitia nafsi bila kiwakilishi, kama tusemavyo "u hali gani?" au "tu wazima," lakini nje ya salamu na lugha ya ushairi maumbo hayo husikika kama ya kale, na simshauri mtu ayalazimishe katika ripoti au makala ya kawaida. Hapo "mimi" na ibaki.

Mahali pa pili ni vitenzi vya mazoea vyenye "hu-." Kiambishi hiki hakikubali kiambishi cha nafsi kando yake, "husita" yaweza kuwa mimi, wewe, wao au yeyote yule. Mwanzoni mwa habari lazima mtendaji atajwe: "Mimi husita kuuliza maswali." Lakini akiwa ametajwa katika sentensi hiyohiyo, hakuna haja ya kumrudia. Katika fungu letu "mimi" ya "mimi ni mgeni" inatosha kuongoza na "husita," hivyo ya pili inaondoka. Ikumbukwe pia kwamba ukikanusha, nafsi hurudi, "sisiti kuuliza," na sababu ya kuweka kiwakilishi hutoweka.

Hatua ya tatu: mtafute wa kulinganishwa naye

Kwa kila kiwakilishi kilichobaki na alama, jiulize kama kuna mtu anayepambanishwa na mtendaji. Katika "Sisi tulirudi, wao wakaendelea na safari," viwakilishi vyote viwili vinafanya kazi, na kuvifuta ni kuifuta tofauti yenyewe. Vivyo hivyo mtu anapoulizwa "Na wewe je?" akajibu "Mimi sijui," maana kuna wengine waliokwisha kujibu. Kiwakilishi hubaki pia kinapounganishwa na jina jingine, kama "mimi na dada yangu," au kinapofuatwa na jina linalokifafanua, kama "sisi walimu." Nje ya hayo, kifute.

Neno "wewe" lataka umakini wa pekee katika maandishi ya maelekezo. "Wewe unapaswa kubonyeza kitufe" humfikia msomaji kana kwamba amenyooshewa kidole, kwa sababu katika mazungumzo "wewe" kavu mwanzoni mwa sentensi mara nyingi ni la kukemea. Amri yenyewe, "Bonyeza kitufe," ina adabu zaidi, na "Tafadhali bonyeza kitufe" ina adabu zaidi ya hiyo. Wakati mwingine "wewe" huja pamoja na "kama": "Kama wewe unataka kubadilisha nywila." Hapo usifute neno moja tu, kivunje kifungu chote, uandike "Ukitaka kubadilisha nywila," kwa kuwa "-ki-" yachukua kazi ya "kama" na "u-" yachukua ya "wewe."

Hatua ya nne: shughulikia "yeye" peke yake

Nafsi ya tatu ina taabu yake. Katika Kiingereza kiwakilishi hutenganisha mwanamume na mwanamke, hivyo meneja akiwa mwanamke na katibu akiwa mwanamume msomaji hapotei. Kiswahili hakina mgawanyo huo. "Yeye" ni meneja na "yeye" ni katibu, na mfasiri anayeliongeza akidhani ameleta uwazi ameongeza neno bila kuongeza habari. Soma tena sentensi ya mwisho ya fungu letu: "lakini yeye alinisaidia." Nani? Hata ukilirudia mara tatu, jibu halipatikani.

Dawa ni kutaja jina kila mtendaji anapobadilika, kisha kuviachia viambishi kazi iliyobaki mpaka abadilike tena. Kwa hiyo sentensi ya pili itaanza na "Meneja aliniambia," na ya mwisho itakuwa "katibu alinisaidia." Ipo pia njia ambayo Kiswahili hukitumia kiwakilishi kwa ustadi wake chenyewe: "naye." Tukisema "Meneja alimwuliza katibu, naye akajibu," neno hilo huonyesha kwamba kauli imehamia kwa yule aliyetajwa mwisho. Mwandishi mzoefu hulitumia bila hata kufikiri, lakini katika tafsiri ni nadra kuliona, kwa kuwa neno la Kiingereza la kulisababisha halipo.

Katika hatua hii angalia pia "yeye" inayokuja baada ya kitenzi. "Nimweleze yeye" imemtaja mtendwa mara mbili, mara ya kwanza kwa "-mw-" na mara ya pili kwa "yeye." Isipokuwa unataka kusema kwamba ni huyo wala si mwingine, "nimweleze" inatosha.

Hatua ya tano: kaza maungio

Ukishafuta, soma kwa sauti. Mara nyingi utasikia sentensi zikianza kwa silabi moja mfululizo: nili, nili, nili. Wengi hapa hushawishika kurudisha "mimi" ili kuleta mabadiliko, lakini tatizo halikuwa upungufu wa viwakilishi. Matukio yanayofuatana yalikatwa vipande vilivyojitegemea, na sasa mikato yake imeonekana. Tumia "-ka-" kuyaunganisha yanayofuatana, "-po-" kuonyesha wakati, au utangulize mahali na saa pale panapofaa. Usitumie "-ka-" kila mahali, hata hivyo, maana nayo huchosha, baada ya mbili au tatu, anza sentensi mpya kwa "-li-."

Baada ya hatua zote, fungu letu linakuwa hivi:

"Nilipofika ofisini nilimkuta meneja na katibu wake. Meneja aliniambia kwamba alikuwa amesoma ripoti yangu lakini hakuelewa sehemu ya mwisho. Nilimwuliza kama alitaka nimweleze, akasema ana kikao, akanitaka nimwone katibu. Mimi ni mgeni katika kazi hii na husita kuuliza maswali, lakini katibu alinisaidia kuandika upya sehemu hiyo."

Kati ya viwakilishi kumi na vitano kimebaki kimoja, nacho kimebaki kwa sababu ya "ni." Viwili vimegeuzwa kuwa majina, na vilivyosalia vimeondoka.

Hatua hizi ni za maelezo ya mwandishi, si za maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika. Mhusika akiuliza "Umesema nini?" huenda hakusikia tu, akiuliza "Wewe umesema nini?" huenda anataka ugomvi. Na akisema "Nimechoka mimi!" kile kiwakilishi cha mwisho ndicho kinachobeba uchovu wenyewe. Kabla ya kufuta lolote ndani ya alama za kunukuu, mwulize mwandishi alikusudia mhusika wake asikike vipi.