Umewekewa stenti? Soma haya kabla hujaanza mazoezi

Stenti ni kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa pale ulipokuwa umeziba, sentimita mbili tatu basi. Mishipa mingine ya moyo imebaki na utando uleule wa mafuta iliokuwa nao kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Weka hilo kichwani.

Kama stenti waliipitishia mkononi, wiki ya kwanza usibebe ndoo kwa mkono huo. Sigara acha leo. Aspirini na mwenzake klopidogreli usiziache hata siku moja kabla daktari wa moyo hajasema, na mtu wa meno akikuambia uache ili akung'oe jino, mpigie kwanza yule wa moyo.

Mazoezi usianzie ufukweni peke yako. Omba barua ya kwenda fiziotherapia; utaratibu wa kawaida ni mara tatu kwa wiki kwa muda wa wiki 12 hivi. Kabla hujapanda mashine utatembezwa kwenye korido dakika 6, wapime umefika mita ngapi na presha imefanyaje. Hapo ndipo wanapojua waanze na wewe wapi. Halafu ni kupasha mwili, kazi yenyewe, na kupoza mwili taratibu. Wengi wanakimbilia kuoga bila kupoza, na hao ndio wanaoona giza mlangoni, maana mishipa ya miguu bado imetanuka na presha inashuka ghafla.

Kama unameza bisoprololi, saa ya kuhesabu mapigo iache nyumbani. Dawa hiyo inayazuia mapigo yasipande, kwa hiyo utajisukuma ukitafuta namba ambayo haitafika. Tumia mdomo wako: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapohapo panatosha. Kifua kikibana, kaa chini, weka dawa yako ya chini ya ulimi, na dakika 5 zikipita hakijaachia, hospitali. Ila kama umetumia dawa za nguvu za kiume, hiyo ya chini ya ulimi usiiguse, na mwambie daktari bila aibu. Zikikutana, presha inaporomoka.

Sasa dawa ya kolesteroli. Hapa nilijiponza mwenyewe.

Nilipewa atorvastatini miligramu 80, kidonge kimoja kila usiku. Wakati naanza, LDL yangu, yaani ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 3.9. Baada ya wiki nane ikasoma 1.7, na pembeni karatasi ya maabara imeandikwa "kawaida". Nikafurahi kama mtoto aliyefaulu. Wiki hiyohiyo fiziotherapia walikuwa wameniongezea zoezi la kuchuchumaa na kuinuka, mapaja yakawaka moto. Jirani akaniambia ni hivyo vidonge, vinakula misuli na ini. Nikajumlisha: majibu safi, miguu inauma, ya nini tena? Nikaviweka kabatini. Mke wangu akauliza, "Baba Salma, daktari kasema?" Nikamwambia nimepona.

Ubaya wake, ukiacha husikii kitu. Nilijiona mwepesi zaidi. Mwezi wa tano, kwenye ngazi za ofisini, kifua kikabana vilevile kama zamani. LDL ilikuwa 4.0, na nikawekewa stenti ya pili, mshipa mwingine kabisa. Daktari hakusema ni kuacha dawa peke yake kulikoleta, ila alinieleza: kolesteroli nyingi inatengenezwa na ini, kidonge kinalizuia, ukikiacha ini linarudi kazini ndani ya wiki chache. Ile 1.7 ilikuwa kazi ya kidonge, si kupona. Tena "kawaida" ya maabara ni ya mtu ambaye hajawahi kuziba. Yeye kwangu alitaka chini ya 1.4.

Na mapaja? Maumivu ya zoezi yanakuja kesho yake, kwenye misuli uliyoitumia, yanaisha baada ya siku chache. Ya dawa huja pande zote mbili, hata hujafanya kitu, na hayaondoki. Yakiwa hivyo nenda wapime damu. Wanaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda siku hiyohiyo.

Chakula: tui zito, chapati za kumwagiwa mafuta na supu yenye utando juu, punguza. Samaki, dagaa na maharage, kula. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na ile iliyomo kwenye mkate inahesabika. Lakini usidhani mchicha utachukua nafasi ya kidonge. Chakula peke yake kinaishusha LDL kidogo tu.

Ukisafiri, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Kadi ya stenti piga picha, na mtu wa nyumbani awe nayo. Dawa ya chini ya ulimi angalia tarehe yake. Na za jirani usimeze, hata kama boksi linafanana.