Kupima lebo ya kuzungushia chupa ya mawese ili ncha zipandiane vizuri

Shangazi yangu wa Ujiji anafungasha mawese kwenye chupa mpya za plastiki za lita moja, na mwezi huu nimemsaidia kutengeneza lebo inayozunguka chupa nzima. Vipimo nilivyoweka hapa ni vya chupa yake. Ya kwako itakuwa na namba zake, ila njia ni hii hii.

1. Jaza chupa kwanza

Usipime chupa tupu. Plastiki ni laini, na chupa ikijaa inatanuka kidogo. Mawese nayo hujazwa yakiwa na uvuguvugu kwa sababu yakipoa yanaganda. Ukiyajaza ya moto sana na kufunga kizibo, yakipoa yanapungua ujazo na ubavu wa chupa unabonyea ndani. Jaza yakiwa ya uvuguvugu tu, funga, acha yalale hadi asubuhi, halafu ndipo upime.

2. Pima mzingo kwa utepe wa karatasi

Kata utepe wa karatasi wenye upana wa kidole, uzungushe chupani ubane bila kukaza, kisha weka alama kwa kalamu yenye ncha nyembamba pale karatasi inapojipanda. Ulaze juu ya rula ya chuma usome. Sipendi kupima kipenyo halafu kuzidisha kwa 3.14, kwa kuwa ukikosea milimita 1 kwenye kipenyo, lebo inakosea zaidi ya milimita 3.

Pima juu, katikati na chini ya sehemu iliyonyooka. Kwa shangazi nilipata 251, 252 na 251, nikachukua kubwa, 252. Namba hizi zikipishana kwa zaidi ya milimita 2, ubavu wa chupa haujanyooka na lebo ya mstatili itajikunja upande mmoja.

3. Ongeza sehemu ya kupandiana

Naweka milimita 8. Chini ya 5, mkono ukitetereka kidogo ncha hazishikani, na kwenye biashara ya mafuta vidole havikosi utelezi. Kwa hiyo urefu ni 252 + 8 = 260. Sehemu iliyonyooka ilikuwa na kimo cha 98, nikatoa 3 juu na 3 chini, ikabaki 92.

4. Chora

Natumia Inkscape. Word siitumii kwa lebo, inasogeza picha bila kuombwa. Ongeza rangi milimita 3 kila upande ya kukatwa baadaye: 266 kwa 98. Lebo mbili zinaenea kwenye A4 iliyolazwa.

Usiweke jina katikati ya lebo, yaani 130. Milimita 8 za kushoto zitafunikwa na ncha ya kulia, kwa hiyo kinachoonekana kinaanzia 8 hadi 260. Katikati yake ni 8 + 126 = 134. Jina likae hapo, na kiungio kitakuwa nyuma yake kabisa. Kwenye zile 8 weka rangi tupu, bila maandishi.

5. Chapa

Hapa ndipo tulipopoteza mchana mzima. Lebo za kwanza zilipotoka stesheneri, ncha ziligusana tu, hazikupandiana hata kidogo. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, chupa zimenenepa?" Nami nikaamini kosa liko kwenye chupa. Tukapima chupa kumi na mbili upya, moja baada ya nyingine, zote 251 au 252. Nikarudia hesabu, ikawa sawa. Jua linazama ndipo nikaweka rula juu ya lebo yenyewe iliyochapwa: 252, si 260.

Dirisha la kuchapa lilikuwa limewekwa `Fit`. Printa haiwezi kuchapa hadi ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo `Fit` inapunguza ukurasa mzima uenee ndani ya kingo. Safari ile ilipunguza hadi asilimia 97, na 97 ya 260 ni 252 na kidogo. Sehemu yote ya kupandiana ikaishia hapo, na kwa macho hutambui, maana herufi zinaonekana sawa kabisa.

Chagua `Actual size`. `Shrink oversized pages` nayo inaweza kupunguza, iache. Mpe fundi faili la PDF, na simama karibu naye akichapa, kwani mtu wa zamu nyingine anaweza kurudisha `Fit`. Mimi sasa nachora pembeni mwa ukurasa, nje ya lebo, mstari wa milimita 100 kamili. Chapa ukurasa mmoja kwenye karatasi ya kawaida, pima mstari huo. Ukisoma 97, usiguse karatasi ya stika.

6. Bandika

Futa chupa kwa kitambaa chenye spiriti, ikauke. Anza na ncha ya kushoto. Nimeweka kialama kidogo kwenye milimita 7 kutoka ncha hiyo: ncha ya kulia ikikifunika, lebo imetosha. Kikibaki kinaonekana, ama chupa ni nene kuliko uliyopima, ama lebo imepungua, na rula itakuambia ni ipi.