Kupiga picha ya trekta kwenye vumbi, tope na jua kali kwa ajili ya kipeperushi

Muuza matrekta anapoagiza picha ya kipeperushi, hutaka vitu viwili vinavyogombana. Anataka vumbi linalong'aa nyuma ya mashine, na anataka ubavu wenye mwanga wa kutosha kusoma jina na namba ya modeli. Vumbi hung'aa jua likiwa mbele ya mpiga picha, ilhali maandishi husomeka vizuri jua likiwa mgongoni kwake. Ukifuata la kwanza tu, trekta linageuka kivuli. Ukifuata la pili tu, vumbi linakuwa ukungu mweupe unaofifisha rangi. Hapa tunafuata njia ya katikati, kwa mfano wa trekta jekundu la nguvu ya farasi 75 likipiga haro kwenye shamba kavu la Dodoma mwezi Novemba, kabla mvua hazijashika.

Haro, si plau. Plau hupindua mabonge na kuyaacha mabonge. Haro ndiyo huyavunja yakawa unga, na bila unga hakuna vumbi.

Hatua ya 1: Chagua saa

Mchana wa Novemba jua la Dodoma liko karibu utosini. Juu ya boneti panakuwa na doa jeupe, na chini ya madigadi panakuwa na giza linalomeza tairi zima. Subiri. Saa kumi na nusu jioni jua limeshuka hadi kama nyuzi 28 juu ya upeo wa macho, na saa kumi na moja na dakika 45 limebaki na nyuzi 11 hivi. Muda wako ni huo, saa moja na robo. Baada ya hapo rangi nyekundu huanza kuelekea chungwa, na mteja atasema hiyo si rangi ya matrekta yake.

Hatua ya 2: Panga jua, upepo na njia ya trekta

Hatua hii ndiyo inayoamua picha, kwa hiyo ifanye kabla dereva hajawasha injini. Nyoosha mkono mmoja kuelekea trekta litakapopita na mwingine kuelekea jua. Pembe kati ya mikono iwe nyuzi 70 hadi 90. Chini ya hapo ubavu unaanza kuwa mweusi. Ukizidisha, vumbi linapoteza mng'ao.

Jioni ya Novemba jua huzama magharibi, likiegemea kusini kidogo. Simama kusini mwa njia, mashariki kidogo, uangalie kati ya kaskazini na kaskazini magharibi, jua liwe kushoto kwako. Trekta liende mashariki, likija upande wako kwa mshazari. Hapo utaona pua na ubavu wake wa kulia kwa pamoja. Ubavu unapata jua la kuparaza, na vumbi linabaki nyuma, upande wa magharibi. Mpango huu unafaa pia kwa upepo, kwa sababu upepo wa huko mara nyingi hutoka upande wa mashariki, hivyo husukuma vumbi mbali na kamera. Siku hiyo rusha kiganja cha udongo hewani uhakikishe. Ikiwa upepo unakuja usoni kwako, hamia upande wa pili wa shamba, trekta lionyeshe ubavu wa kushoto, kisha pima pembe upya.

Nyuma ya trekta pawe na kitu cheusi: mstari wa miti, kilima, hata ukingo wa kichaka. Vumbi mbele ya anga jeupe halionekani, hata liwe jingi kiasi gani.

Hatua ya 3: Tope lenye ukweli

Tope bichi na vumbi linalopaa havikai kwenye picha moja. Mkulima ataliona kosa hilo mara moja, kwani udongo unaotimka vumbi haubandiki tope la maji kwenye tairi. Kinachofaa ni tope lililokauka.

Osha trekta lote, likauke. Chukua udongo wa shamba hilo hilo, maana udongo wa barabarani una rangi nyingine. Changanya ndoo mbili za udongo na moja ya maji hadi uwe kama uji mzito. Kwa mkono, jaza katikati ya kashata za matairi ya nyuma. Kwa brashi kubwa, rushia ndani ya madigadi na sehemu ya chini ya ngazi. Acha likauke hadi lipauke, ndipo trekta litembee mita 100 ili sehemu inayogusa ardhi ijisafishe yenyewe. Usiguse stika, taa, vioo wala boneti.

Kisha angalia sahani za haro. Haro mpya ina rangi ya kiwandani mpaka kwenye ncha, na picha ya haro yenye rangi katikati ya shamba lililovurugwa inachekesha. Mwache dereva apige raundi kadhaa kwanza, mpaka ukingo wa sahani ukwanguke na kung'aa.

Hatua ya 4: Kamera

Tumia lenzi ya milimita 85 ukiwa mita 20 kutoka kwenye trekta. Kwa kamera ya fremu kamili unapata upana wa kama mita 8.5, unaotosha trekta, haro na nafasi ya maandishi. Lenzi pana ukiwa karibu huvimbisha tairi la mbele na kuifanya kabini ionekane kama ya mtoto. Kamera iwe usawa wa ekseli ya nyuma.

Anza na ISO 100, f/8, 1/250, na kulenga kwa AF-C kwenye nembo ya boneti. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, kasi hiyo ya shata huacha kashata za juu ya tairi zikiwa na ukungu kidogo huku za chini zikikaa kali, na ndivyo jicho linavyojua kwamba tairi linazunguka. Ukienda 1/2000 trekta linaonekana limeegeshwa kwenye moshi.

Tazama histogramu ya rangi tatu, usitegemee ile moja nyeupe. Kwenye rangi nyekundu, mstari mwekundu hugonga ukuta wa kulia wakati ile nyeupe bado inaonyesha salama. Ikitokea, boneti inakuwa bapa kama plastiki na huwezi kuirudisha. Punguza mwanga kwa theluthi moja au mbili za stopu, kisha inua vivuli baadaye kwenye RAW.

Hatua ya 5: Kupita

Chomeka kijiti pa kupigia picha, na usisimame kamwe kwenye mstari wa trekta. Vumbi likigeuka dereva hakuoni. Asipande mtu kwenye madigadi, hata kwa mzaha, maana muuzaji hawezi kuchapa picha hiyo.

Mpito wa kwanza uwe kilomita 5 kwa saa. Vumbi likiishia nusu ya tairi, ongeza hadi 7 au 8. Likivuka kabini, umezidisha. Kati ya mpito na mpito subiri dakika mbili tatu vumbi la zamani litue, la sivyo linajilundika na miti inapotea.

Usibadilishe lenzi shambani. Vumbi likitua kwenye kioo, lipulize kwanza. Ukifuta kikavu, chembe za mchanga zinachora.

Hatua ya 6: Kabla ya kuondoka

Uliza kipeperushi kinakunjwaje. A4 ya kukunjwa sehemu tatu ina kurasa za upana wa kama milimita 99, na mkunjo ukipita juu ya namba ya modeli kazi yote inarudiwa. Picha itakayojaza A4 inahitaji pikseli 3508 kwa 2480 kwa dpi 300, na juu ya hapo milimita 3 za kukatwa kila upande. Piga mipito miwili zaidi, mmoja trekta likiwa kushoto mwa fremu, mwingine likiwa kulia.